Bajeti ya Masikioni na Bajeti ya Daftarini

Bodi ya shule yetu ina wajumbe kumi na mmoja. Wapo wazee wawili waliosimamia ujenzi wa madarasa ya mwanzo, imamu wa msikiti, kina mama wawili wanaowawakilisha wazazi, fundi cherehani, mfanyabiashara wa nafaka, mwalimu mkuu, na sisi watatu wa kamati ya msikiti. Vikao huanza baada ya Sala ya Ishai. Kila mjumbe hupewa karatasi ya bajeti, lakini ukweli ni kwamba karatasi hiyo husomwa na wachache. Mmoja amesahau miwani, mwingine haoni vyema maandishi madogo chini ya taa ya ukumbi, na mwingine amezoea tangu ujana wake kupokea mambo kwa kusikiliza. Uamuzi wa bodi, basi, hutokana na kile kilichoingia masikioni. Nami, kwa kuwa ni katibu, ndiye ninayesoma.

Katika kikao cha mwaka huu palikuwa na jambo moja zito mbele yetu: je, ada ipandishwe, na kwa kiasi gani? Shule yetu si ya matajiri. Wapo wazazi wenye watoto watatu hapo, na kwao nyongeza ya elfu kumi kwa kila mtoto ni mjadala wa nyumba nzima. Kwa sababu hiyo nataka kueleza namna ninavyoitayarisha bajeti kwa ajili ya kusikiwa, hasa namna ya kuzikata tarakimu ndefu ziwe fupi bila ya kuupotosha ukweli. Hesabu nitakazozitumia zinafanana na zetu, ila nimezibadilisha kidogo kwa kuwa mambo ya shule ni amana.

Nianze na lugha yenyewe, maana Kiswahili kina mtego wake katika hesabu. Mtu akisema “elfu ishirini na tano”, msikilizaji mmoja atapata 25,000 na mwingine, kama anataka ubishi, anaweza kupata 20,005. Ukisema “elfu mia mbili na hamsini”, je, hamsini hiyo ni ya maelfu au ni shilingi hamsini? Sokoni mambo hayo hayasumbui, kwa sababu bidhaa iko mbele ya macho na kila mmoja anajua bei yake inakaribia ngapi. Kwenye bodi hakuna bidhaa ya kutazamwa. Wapo pia wanaosema “milioni saba na mia nane” wakikusudia laki nane, na wapo wanaoisikia kama shilingi mia nane.

Sasa chukua jumla ya matumizi yetu kama mweka hazina alivyoiandika: Sh. 147,545,850. Kuisoma kwa ukamilifu ni kusema “milioni mia moja arobaini na saba, laki tano, elfu arobaini na tano, mia nane na hamsini.” Msomaji akifika kwenye ile hamsini ya mwisho, msikilizaji ameshaiacha milioni ya mwanzo njiani. Sikio la mwanadamu hushika zaidi kilichosemwa mwisho, na katika tarakimu ndefu cha mwisho ndicho chenye thamani ndogo kuliko vyote. Mjumbe ataondoka na hamsini kichwani, naye alihitaji kuondoka na milioni.

Kwa hiyo ninaukata mkia. “Milioni mia moja arobaini na nane, kasoro nusu milioni.” Neno kasoro ni hazina kwetu, kwa kuwa masikio ya Waswahili yamelizoea tangu utotoni kupitia saa: anayejua saa mbili kasorobo anajua pia milioni mia moja arobaini na nane kasoro nusu. Kwa upande wa pili tunalo neno “na ushei”, kwa kiasi kilichozidi kidogo. Ninachokiepuka ni neno “karibu” na “takriban” pasipo kueleza upande. “Takriban milioni nane” inaweza kuwa saba na laki sita au nane na laki nne, na kati ya hizo mbili mna mshahara wa mtu. Nikisema “nane kasoro kidogo” nimeonyesha upande bila ya kurefusha maneno.

Baada ya lugha huja idadi ya mambo. Taarifa ya mweka hazina ilikuwa na mafungu matano: mishahara Sh. 87,642,000; chakula cha wanafunzi Sh. 31,618,500, vitabu na mitihani Sh. 9,763,200, ukarabati Sh. 11,587,400, na umeme, maji pamoja na usafiri Sh. 6,934,750. Mafungu matano yenye tarakimu saba au nane kila moja hayawezi kukaa katika kichwa cha mtu aliyetoka dukani jioni hiyo. Mimi huyafanya matatu: walimu na watumishi, chakula, na mengineyo yote. Ukarabati na vitabu havifichwi. Vinasubiri zamu yake, na mjumbe akiuliza anajibiwa papo hapo. Lakini picha ya kwanza iwe na vitu vitatu tu.

Hapa ndipo makosa ya ukataji huanza. Tuseme msomaji anayakata mafungu yote matano kwenye milioni iliyo karibu. Mishahara inakuwa 88, chakula 32, vitabu 10, ukarabati 12, na umeme na wenzake 7. Katika bodi yetu yumo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye huhesabu kwa vidole kila kinachosomwa. Akijumlisha hizo atapata 149. Kisha msomaji anatangaza kwamba jumla ni milioni 148. Mzee atainua mkono, na ana haki ya kufanya hivyo: milioni moja imekwenda wapi? Hakuna aliyeila. Kila fungu lilipandishwa juu kidogo ili lifike kwenye milioni kamili, na vipande hivyo vitano vya kupandisha vilipokusanyika vikazaa milioni ambayo haikuwapo daftarini. Lakini ukianza kueleza hayo baada ya swali kuulizwa, utaonekana kama mtu anayejitetea, na kikao kizima kitaingiwa na shaka ambayo haina msingi.

Dawa yake ni kujumlisha kwanza na kukata baadaye. Vitabu, ukarabati na umeme nikivijumlisha kwa tarakimu zake kamili napata Sh. 28,285,350. Hiyo ndiyo ninayoikata, inakuwa 28. Sasa 88 na 32 na 28 ni 148, na mzee akihesabu vidole vyake atakutana na jumla ile ile niliyoitangaza. Haitokei hivyo kila mara. Ipo miaka ambayo hata mafungu matatu hukataa kukutana na jumla yake. Hapo sibadilishi fungu lolote kwa nguvu ili hesabu ipendeze. Natangulia kusema kabla ya kusoma: “Mkijumlisha nitakazozitaja mtapata moja zaidi, jumla ya kweli ni hii, na hiyo moja ni makombo ya kukata.” Neno likitangulizwa ni maelezo, likija baada ya swali, linakuwa utetezi.

Mafungu matatu yakishakaa vizuri, nayasema mara ya pili kwa mlango mwingine: “Katika kila shilingi kumi tutakazotumia, sita ni za walimu na watumishi, mbili ni za chakula cha watoto, na mbili ni za mambo mengine yote.” Kwa tarakimu kamili mishahara ni asilimia 59.4, chakula 21.4 na mengineyo 19.2. Lakini asilimia ni mgeni katika masikio ya wengi, hasa ikiwa na nukta, ilhali shilingi kumi kila mtu ameishika mkononi. Jamii yetu pia inayajua mafungu kwa njia ya mirathi. Wazee ambao hawakuwahi kusoma hesabu za asilimia wanajua nusu, theluthi, robo, sudusi na thumuni, kwa kuwa wamekaa katika vikao vya kugawa urithi na kuona kila fungu likimfikia mwenyewe. Ukiwaambia kwamba deni la shule limefika sudusi ya mapato ya mwaka, watakuelewa kabla hujamaliza sentensi. Kinachotakiwa ni kwamba fungu lenyewe liwe karibu na kweli. Mtu asiite robo kitu ambacho ni asilimia ishirini, kwa sababu tu robo ni tamu kutamka.

Sasa nifike kwenye jambo lililogusa mifuko ya wazazi, nalo ni pengo kati ya mapato na matumizi. Mapato tuliyoyatarajia yalikuwa hivi: ada ya wanafunzi 236 kwa Sh. 520,000 kila mmoja, jumla Sh. 122,720,000, na yatima wamo humo kwa sababu ada zao hulipwa na wafadhili. Kodi ya vibanda viwili vya waqfu Sh. 9,600,000 kwa mwaka. Na michango ya waumini Sh. 7,350,000. Jumla ya mapato ni Sh. 139,670,000.

Kabla ya kikao, mjumbe mmoja mwenye nia njema alipendekeza turahisishe kabisa: tuseme matumizi ni milioni 150 na mapato ni milioni 140, ili kila mtu ashike. Kila moja ya tarakimu hizo, ukiitazama peke yake, si mbaya sana. Ya kwanza imezidi ukweli kwa chini ya milioni mbili na nusu katika mia na hamsini. Ya pili imezidi kwa laki tatu na ushei. Msikilizaji hawezi kulalamika. Lakini bodi haikuitwa kuamua juu ya 150 wala juu ya 140. Iliitwa kuamua juu ya tofauti yake, na tofauti ya hizo mbili ni milioni kumi.

Tofauti ya kweli ni Sh. 7,875,850. Yaani milioni nane kasoro kidogo.

Tazama hizo milioni mbili za ziada zinapokwenda. Pengo likiwa milioni kumi na likagawiwa kwa wanafunzi 236, kila mtoto anatakiwa kuongezewa zaidi ya elfu arobaini na mbili, na bodi ingesema elfu arobaini na tatu. Pengo likiwa lile la kweli, kila mtoto anatakiwa kuongezewa Sh. 33,372, na bodi ingesema elfu thelathini na nne. Baina ya mapendekezo hayo mawili kuna elfu tisa kwa mtoto. Mjane mwenye watoto watatu angelipa elfu ishirini na saba kila mwaka kwa ajili ya pengo ambalo halipo, na hakuna mtu aliyekusudia kumdhulumu. Tarakimu mbili kubwa zilikatwa kwa mkono mzito, kisha zikatolewa moja kwa nyingine.

Ndiyo maana nina kanuni ambayo siiachi: kutoa kwanza kwa tarakimu kamili, kisha kukata jibu peke yake. Na kipimo cha kukatia kitokane na uamuzi unaosubiriwa, kisitokane na ukubwa wa jumla. Kwa jumla ya milioni mia na arobaini na kitu, kukata kwenye milioni kunatosha. Kwa pengo la milioni nane, milioni moja ni thumuni nzima ya jambo lenyewe, kwa hiyo pengo nililisoma kwa laki: “milioni saba na laki tisa.” Na nyongeza ya ada kwa mtoto mmoja nikaisoma kwa elfu. Mjumbe mwerevu anaweza kuuliza kwa nini katika taarifa moja nimetumia vipimo vitatu. Jibu ni kwamba kila kimoja kimewekwa mahali ambapo kukosea kwake hakuwezi kubadilisha mkono wa mtu wakati wa kupiga kura.

Katika nyongeza ya ada lipo jambo la kuangalia zaidi. Sh. 33,372 iko karibu na elfu thelathini na tatu kuliko thelathini na nne. Kwa kawaida ya kukata tungesema thelathini na tatu. Lakini elfu thelathini na tatu mara 236 ni Sh. 7,788,000, na pengo halizibiki. Zinabaki karibu elfu tisini zikielea. Kiwango kinachokwenda kuzidishwa kwa idadi ya watoto kikatwe kwa kupanda, la sivyo upungufu mdogo wa mtoto mmoja utazidishwa mara mia mbili na zaidi. Huko ndiko mahali pekee ninapokata kwa upande mmoja kwa makusudi, na ninalitaja hilo kwa sauti.

Wapo wanaopenda kukata kila tumizi kwa kupanda na kila pato kwa kushuka, wakisema ni tahadhari. Tahadhari ni jambo jema, ila iandikwe kwa jina lake. Kama bodi inataka akiba ya dharura ya milioni mbili, iwekwe fungu la akiba ya dharura la milioni mbili, wajumbe walisikie na walikubali au walikatae. Tahadhari iliyojificha ndani ya ukataji haina mwenyewe, na mwaka ukiisha hakuna atakayejua ilikuwa kiasi gani.

Baada ya pengo, bodi huuliza swali lile lile kila mwaka: na mwaka jana je? Ulinganisho ndio sehemu ambayo sikio huipenda zaidi, na ndiyo sehemu inayoweza kuleta dhuluma kwa haraka zaidi. Chakula cha wanafunzi mwaka uliopita kiligharimu Sh. 24,870,000. Mwaka huu kimekadiriwa Sh. 31,618,500. Tofauti ni milioni sita na laki saba na ushei, yaani ongezeko la zaidi ya robo. Ukisema hivyo tu na kunyamaza, kila mmoja ukumbini atamfikiria mpishi na mtunza stoo. Mfanyabiashara wa nafaka, anayejua bei za gunia la mahindi na maharage, atasema kwa haki kabisa kwamba bei hazikupanda kwa robo.

Lakini mwaka jana tulikuwa na wanafunzi 198 na mwaka huu ni 236. Kwa kila watoto watano waliokuwapo, ameongezeka mmoja. Sufuria ile ile imeongezewa midomo. Ukigawa gharama kwa idadi ya watoto, kisha kwa siku za masomo, ambazo kwetu ni kama mia moja na tisini kwa mwaka, mtoto mmoja alikula kwa Sh. 661 kwa siku mwaka jana, na mwaka huu atakula kwa Sh. 705. Basi nilisoma hivi: “Uji wa asubuhi na mlo wa mchana wa mtoto mmoja ulikuwa shilingi mia sita na sitini kwa siku, sasa ni mia saba na ushei. Umepanda kwa shilingi arobaini na nne.” Hapo mama mmoja aliuliza kama shilingi mia saba inatosha kweli kumshibisha mtoto. Mjadala ukahama kutoka kwenye tuhuma ya wizi ukaenda kwenye swali la kama tunawalisha watoto vya kutosha, ambalo ndilo lililostahili kuulizwa.

Angalia pia kwamba arobaini na nne sikuipata kwa kutoa 660 katika 700, ambayo ingekuwa arobaini. Kanuni ni ile ile: tofauti hutolewa katika tarakimu kamili. Na katika ulinganisho vitu viwili viwe vya jamii moja. Kodi ya vibanda vya waqfu husomwa na wengi kwa mwezi, laki nane, kwa kuwa hivyo ndivyo inavyopokelewa. Ada husomwa kwa mwaka. Laki nane ikisemwa kando ya milioni mia moja ishirini na tatu, wajumbe wataona vibanda havina faida yoyote, na siku moja atatokea mtu wa kupendekeza vibomolewe. Ikisemwa kwa mwaka, milioni tisa na laki sita, wataona kwamba kodi hiyo peke yake inazidi pengo lote tunalolijadili. Chagua mwaka au mwezi, kisha usiuache mpaka mwisho wa taarifa.

Yote haya ni ya masikioni. Daftarini mambo ni mengine. Katika muhtasari wa kikao siandiki “milioni nane kasoro”. Naandika Sh. 7,875,850, na pembeni naandika namna ilivyosomwa. Yapo pia mambo ambayo hayakatwi hata kwa mdomo. Deni la mtu au la duka linatajwa kwa shilingi yake ya mwisho. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika deni, liwe dogo au kubwa, na muda wake. Mwenye kudai hadai kwa takriban. Salio la benki linasomwa lilivyo. Mchango wa mtu aliyetajwa kwa jina unasomwa ulivyo, kwa sababu mwenyewe anajua alichokitoa, na aliyetoa Sh. 48,500 akisikia “hamsini” atajiuliza nani kaongeza, na akisikia “arobaini na ushei” atajiuliza nani kapunguza. Na kiasi kinachopitishwa na bodi kwa kura, nakirudia mara mbili kwa ukamilifu, polepole, kipande kwa kipande, kabla mikono haijainuliwa.

Namna ya kujua kama bodi imesikia haipo katika vichwa vinavyotikisika. Vichwa hutikisika hata kwa usingizi. Mimi hutumia njia mbili. Ya kwanza, nikimaliza fungu moja nanyamaza, na mwenyekiti anamwomba mjumbe mmoja, kwa zamu, aseme alichokishika: “Hebu tukumbushe, mzee wetu, pengo ni kiasi gani?” Hakuna aibu ndani yake kwa kuwa zamu humfikia kila mtu, pamoja na imamu. Ya pili hutokea yenyewe kesho yake. Fundi cherehani anakaa barazani na majirani wanamuuliza bodi imesema nini. Akisema, “Katika kila shilingi kumi, sita ni za walimu, na tumepungukiwa milioni nane kasoro,” basi hesabu imefika. Akisema, “Walisoma mambo mengi ya mamilioni,” ujue ulisoma karatasi na hukuisomea bodi.

Mwaka huu wajumbe walijadiliana kwa saa nzima, na nililolipenda ni kwamba walibishana juu ya mambo, hakuna aliyebishana juu ya tarakimu. Kina mama walisema elfu thelathini na nne ni nzito kuichukua kwa mara moja. Mfanyabiashara akapendekeza elfu ishirini kwa kila mtoto, na kilichobaki kitafutwe kwa harambee baada ya Sala ya Ijumaa. Mzee wetu wa vidole akahesabu kimya kimya, akasema, “Kitabaki milioni tatu na ushei.” Mweka hazina akapiga hesabu yake: elfu ishirini mara 236 ni Sh. 4,720,000, na kinachobaki ni Sh. 3,155,850. Mzee alikuwa amefika kabla yake, na bila kalamu. Mikono ikainuliwa, nami nikaandika muhtasari kwa shilingi yake ya mwisho.